Kichwa cha Asubuhi, Habari za Usiku

  Leo nataka tuzungumze juu ya kichwa. Si kichwa cha malaria kinachokuja na homa na baridi, wala kile cha jua la saa 8 kinachokupata ukirudi kutoka kisimani. Nasema kichwa kile unachoamka nacho. Unafumbua macho, kabla hata hujakaa kitako, kipo. Kimebana pande zote mbili kama umefungwa kitambaa kigumu. Unakunywa chai, unaanza shughuli, na ikifika saa 4 au saa 5 kimeondoka, na wewe umeshakisahau. Kesho alfajiri, kipo tena.

Ukimwuliza jirani, jibu utalipata pale pale: "Hiyo ni presha." Ukimwuliza wa pili atakuambia ni mawazo. Mimi leo nitakuambia jambo moja, nalo ndilo ningependa ulale nalo: kichwa si mashine ya kupimia presha. Kichwa cha asubuhi kinaleta habari za usiku, na habari za usiku anazo yule aliyelala karibu nawe.

Nimtunge mtu mmoja ili tusafiri naye. Tuseme ni dereva wa lori, mwanamume wa miaka 53, anayebeba mizigo kutoka Lodwar kupita Kakuma hadi Lokichoggio na wakati mwingine kuvuka Nadapal. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na kutoka Kakuma hadi Loki ni kama 95 nyingine. Si mnene wa kutisha, ila shingo yake imejaa. Kola ya shati imeanza kumkaba. Kwa miezi mitano sasa anaamka na kichwa karibu kila siku. Saa 1 anameza tembe mbili za maumivu kwa chai ya rangi. Saa 4 kichwa kimeisha, naye anazishukuru tembe.

Siku moja, akiwa amepumzika Loki, anaingia kliniki saa 6 mchana. Anapimwa: 150 juu, 96 chini. Anaambiwa ana presha, anapewa dawa, naye anatoka akiwa na furaha ya ajabu, kwa sababu sasa kichwa chake kimepata jina. Anameza dawa wiki tatu. Presha inashuka kidogo. Kichwa hakishuki hata kidogo. Basi anaamua mwenyewe kwamba dawa haifanyi kazi, na anaiacha.

Hapo ndipo tulipokosea, msikilizaji. Tumefungisha ndoa kichwa na presha bila kuwauliza wenyewe.

Ndoa hiyo ni ya zamani. Mwaka 1913 daktari wa Kimarekani, Theodore Janeway, aliandika juu ya wagonjwa wake wa presha, akaeleza kichwa kinachowapata wanapoamka na kupungua kadiri siku inavyosonga. Tangu hapo wazo hilo likaenea. Lakini Janeway aliwaona waliokuja kwake wakiumwa. Wale wenye presha wasioumwa chochote hawakuwa na sababu ya kumtafuta. Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, watafiti wa Norwei walitoa matokeo ya watu wazima zaidi ya 20,000 waliokuwa wamepimwa presha, kisha wakaulizwa kuhusu vichwa vyao baada ya miaka 11. Waliokuwa na presha ya juu hawakuumwa kichwa zaidi ya wengine. Waliumwa kidogo kuliko wao.

Ndiyo maana madaktari wa maumivu ya kichwa duniani wana kanuni: presha hulaumiwa kwa kichwa inapopanda ghafla na sana, yaani 180 juu au 120 chini, ama zaidi ya hapo. Presha ya 150 kwa 96 kama ya dereva wetu inaharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo, lakini inafanya kazi hiyo kimya kimya. Kwa hiyo kuna makosa mawili hapa, na la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza ni kudhani kila kichwa ni presha. La pili ni kusema, "Mimi kichwa hakiniumi, basi sina presha," ukakaa miaka 10 bila kupimwa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani.

Sasa kama si presha peke yake, ni nini? Turudi kwa dereva wetu, lakini safari hii tusimwulize yeye. Tumwulize mkewe.

Mnajua joto la Turkana. Watu wengi hulala nje ya nyumba, kwenye upepo, na anayekoroma hana siri. Boma zima linamsikia. Mke anasema hivi: "Huyu anakoroma kama lori lenyewe linapanda mlima. Halafu ghafla ananyamaza. Kimya. Mimi nalala nikihesabu. Nadhani amekufa. Kisha anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetoka chini ya maji, anaanza tena. Na usiku anaamka mara tatu kwenda kukojoa."

Msikilizaji, mke huyu ametoa maelezo ambayo hospitali ingeyaandika kwa maneno magumu. Sisi tuuite ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengine inalegea hadi ulimi na nyama laini za nyuma ya koo zinaziba njia ya hewa. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hiyo inahesabiwa. Hewa safi inapungua kwenye damu, hewa chafu inajaa, ubongo unapiga king'ora, mtu anashtuka nusu usingizi, koo linafunguka, anavuta pumzi, analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Mtu mwenye ugonjwa huu hufanya hivyo angalau mara 5 kwa saa, na wengine mara 30 na zaidi. Atakuambia alilala kwa muda wa saa 8 kamili, na hadanganyi, ila usingizi wake ulikatwa vipande vipande kama nyama ya kugawa.

Na kichwa kinatoka wapi? Inadhaniwa kwamba ile hewa chafu inayojaa kwenye damu hutanua mishipa ya ubongo, na usingizi uliokatika nao unaongeza mzigo wake. Mtu akiamka na kupumua sawasawa, mambo yanarudi mahali pake polepole, na maumivu yanapungua. Kichwa cha ugonjwa huu kina tabia zake: kipo unapoamka, kinabana pande zote mbili, hakina kichefuchefu, kinakuja siku 15 au zaidi kwa mwezi, na huisha ndani ya saa 4 tangu kuamka. Dereva wetu anaamka saa 12, kichwa kinaisha saa 4. Zile tembe alizozishukuru huenda hazikufanya chochote. Kichwa kilikuwa kinaondoka chenyewe.

Sasa sikiliza jinsi presha inavyoingia hapa, kwa sababu inaingia, ila kwa mlango mwingine. Kwa mtu mwenye afya, presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Kama mchana una 130 juu, usingizini unafika kama 104 hadi 117. Hayo ndiyo mapumziko ya moyo na mishipa. Lakini kwa yule ambaye pumzi inakatika, kila anaposhtuka mwili unamwaga homoni za hofu, moyo unaenda mbio, presha inaruka. Mara ya kwanza, ya pili, ya arobaini. Mishipa haipumziki. Baada ya miezi na miaka, presha inabaki juu hata mchana, na mara nyingi inaikaidi dawa.

Unaona sasa? Kichwa na presha ya dereva wetu si baba na mtoto. Ni ndugu wawili wa mama mmoja, na mama huyo ni usingizi mbovu. Ukimtibu mtoto mmoja, usishangae mwingine akiendelea kulia.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Nina maswali manane, yaliyotungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008, ambayo daktari wa popote anaweza kuyauliza bila mashine. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango? Je, unachoka au kusinzia mchana? Je, kuna mtu aliyekuona ukikata pumzi usingizini? Je, una presha ya juu? Je, uzito wako ni mkubwa sana kulingana na urefu? Je, umepita miaka 50? Je, shingo yako ina zaidi ya sentimita 40 ukiizungusha utepe wa fundi cherehani? Je, wewe ni mwanamume? Kila "ndiyo" ni alama moja. Ukipata 3 au 4, kuna sababu ya kushuku. Ukipata 5 na zaidi, shaka ni kubwa.

Dereva wetu anakoroma, moja. Anasinzia lori linaposhushwa mizigo, mbili. Mkewe amemwona akikata pumzi, tatu. Presha, nne. Miaka 53, tano. Shingo sentimita 44, sita. Mwanamume, saba. Uzito peke yake ndio umemwokoa. Saba kati ya nane.

Lakini angalia: maswali haya ni ya kushuku tu, hayatoi hukumu. Mtu mwembamba pia anaweza kukatika pumzi, kwa sababu ya umbo la taya au mafindofindo makubwa, na huku kwetu wembamba ni wengi. Akina mama nao, hasa baada ya kukoma hedhi, wanaweza kuwa na ugonjwa huu bila kukoroma kwa kishindo. Wao hulalamika uchovu na kichwa tu. Hukumu inatolewa na kipimo cha usingizi, ambapo unalala umefungwa vifaa vinavyohesabu pumzi na kupima hewa kwenye damu. Hicho mara nyingi ni safari ya rufaa. Kwa hiyo nenda na ushahidi: mwambie aliyelala karibu nawe akurekodi kwa simu dakika chache ukikoroma, na ahesabu sekunde za ule ukimya.

Ushahidi wa pili ni presha iliyopimwa sawasawa. Kipimo kimoja cha saa 6 mchana, umetoka juani, umetoka kunywa chai ya majani mengi, hakitoshi. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini walianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha, kwa hiyo uliza wa kijijini kwako. Kaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu chini, usiipishanishe. Kaa kimya dakika 5. Usiwe umekunywa chai, umevuta sigara wala umetafuna miraa kwa nusu saa iliyopita, na uwe umekojoa. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kwa mkono mnene, kitadanganya kwa kupandisha namba. Pima mara mbili kwa kuacha dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na chakula, na jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza itupe, maana ya kwanza ina wasiwasi. Zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na kwenda juu ni presha. Hospitalini mstari ni 140 kwa 90.

Tuseme dereva wetu alifanya hivyo alipokuwa likizo. Asubuhi wastani ulikuwa 156 kwa 98, jioni 138 kwa 86. Wastani wa zote ni 147 kwa 92. Presha anayo, hakuna ubishi, na dawa aliyoiacha lazima airudie. Lakini mwenye jicho ataona zaidi: asubuhi iko juu kuliko jioni. Usiku wake haukumpumzisha. Daktari akiona daftari hilo na kusikia ile rekodi ya simu, hatamwongezea dawa tu na kumwacha aende.

Kabla hatujafika kwenye tiba, nitaje wezi wengine wawili wa asubuhi, kwa sababu wanafanana na ugonjwa huu.

Wa kwanza ni zile tembe zenyewe. Dereva anameza karibu kila siku, karibu siku 30 kwa mwezi. Dawa za maumivu za kawaida zikifika siku 15 kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zinaweza kuanza kuzaa kichwa badala ya kukitibu. Zile za mchanganyiko zinafika hapo kwa siku 10 tu. Na kwa kuwa usiku dawa inaisha mwilini, kichwa hicho nacho hupenda alfajiri. Dalili yake ni kwamba siku za kuumwa zinaongezeka na dawa inasaidia kidogo kuliko zamani. Ukiacha, kichwa huwa kikali zaidi kwa siku kadhaa hadi wiki mbili hivi, kisha kinatulia. Na kuna ubaya mwingine: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazinunua dukani kama peremende, zinapandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa yake. Mtu anayezimeza huku akitoka jasho kutwa nzima bila maji ya kutosha anaziumiza figo zake.

Wa pili ni jiko la makaa. Usiku wa mvua, au upepo ukiwa mkali, watu huliingiza jiko ndani na kufunga mlango. Makaa yanayofifia hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala moshi. Unaitambua hivi: mnaamka na kichwa wote, mama, watoto na mgeni, na mkitoka nje kwenye hewa kinapungua. Kichwa cha mtu mmoja ni habari zake. Kichwa cha nyumba nzima ni jiko. Hapo usisubiri kupima presha. Toeni watu nje, kisha jiko, na anayesinzia au kutapika apelekwe hospitali mara moja.

Na kuna asubuhi ambazo hazingojei mchana. Kichwa kinachozidi wiki hadi wiki, kinachokuja na kutapika alfajiri, kinachokuwa kikali ukiinama au ukikohoa, hicho kinaweza kuwa uvimbe au shinikizo ndani ya fuvu. Kichwa cha ghafla kama umepigwa rungu, upande wa mwili kulegea, maneno kupotea, shingo kukakamaa pamoja na homa, au presha ya 180 kwa 120 ikiwa na dalili hizo: nenda leo. Na mama mjamzito aliyepita wiki 20, akiwa na kichwa na presha ya 140 kwa 90, asiambiwe ajilaze kidogo. Apelekwe.

Sasa, dereva wetu afanye nini akisubiri rufaa? Kwanza, asilale chali. Kwa wengi pumzi hukatika zaidi mgongo ukiwa chini, kwa sababu ulimi unaangukia nyuma. Ninawaza wazee wetu, walivyojilaza ubavu juu ya ngozi, kichwa kikiwa juu ya ekicholong. Anayetulia na ekicholong chake kwa ubavu, aendelee. Asiyeweza kukaa ubavu, ashone mpira mdogo mgongoni mwa fulana. Akijigeuza chali, utamrudisha. Pili, aache chang'aa na bia za jioni, na asimeze dawa za usingizi, maana vyote vinazidi kulegeza koo. Tatu, apunguze uzito kama umezidi. Nne, na hili si la kwake peke yake: akisinzia, aegeshe lori. Barabara ile ni ndefu na nyoofu, na mtu wa namna hii hulala macho wazi. Kwa ugonjwa mkubwa kuna mashine ndogo inayosukuma hewa kwa barakoa usiku kucha ili koo lisizibe. Inahitaji umeme wa kudumu hadi asubuhi, kwa hiyo anayeishi mbali na nyaya atapanga sola na betri kabla ya kuichukua.

Nimalizie na Loki yenyewe. Wazee wanaikumbuka Lopiding, hospitali iliyofunguliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Siku hizo ndege zilishuka na watu wenye risasi mwilini, na aliyeumwa alionekana kwa macho. Maradhi ya leo hayatoki damu. Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya Waturkana zaidi ya 1,200: waliobaki na mifugo walikuwa na afya nzuri ya moyo na mishipa, na waliohamia mijini walikuwa na presha na uzito zaidi. Miji yetu inakua. Presha inakuja nayo, na mkoromo unakuja nayo.

Kwa hiyo usiku wa leo, msikilizaji, kabla hujazima redio, mgeukie aliye karibu nawe umwulize swali moja tu: "Mimi nikilala, huwa nanyamaza?" Jibu lake lipeleke kliniki pamoja na namba zako za presha. Na wewe dereva wa Nadapal, kama mkeo alikuwa akihesabu sekunde gizani miezi hii yote, mwache aende nawe, aseme mwenyewe.